Malipo Matano ya Angèle

Mtu wa Coopec Kitumaini, chama cha akiba na mikopo, alifika asubuhi ya Jumatatu, Angèle Ndaya akiwa uani anasugua masufuria yake kwa majivu. Alikuwa kijana mpole, mwenye shati lililopigwa pasi na bahasha moja mkononi. Akaulizia Mama Rachelle Mujinga.

"Rachelle ni mudogo yangu," Angèle akamjibu. "Anaikala Kasaji."

"Lakini adresi yenye alitupatia hapa Kolwezi njo hii, mama. Mi naomba tu musaini kama barua imefika."

Kabla Angèle hajakausha mikono, mumewe alikuwa ameshatoka nje. Modeste Kisimba alikuwa mstaafu. Kwa miaka thelathini na moja alifanya kazi kwenye bwawa la Nzilo, akiandika daftarini kimo cha maji na mzunguko wa mashine, zamu baada ya zamu. Hakuna karatasi iliyopita mbele ya macho yake bila kusomwa. Akasaini, akaandika tarehe na saa, kisha akamuuliza kijana kilichomo ndani ya bahasha.

"Ni mise en demeure, tata. Onyo ya mwisho. Ameruka miezi tatu."

Kijana alipokwenda, Modeste hakuifungua bahasha, kwa kuwa haikuwa na jina lake. Alimpigia simu Rachelle. Mara mbili simu ililia bure, na ya tatu shemeji yake akapokea kwa sauti ndogo kama ya mtu aliyejificha nyuma ya mlango.

"Fungua tu, shemeji," Rachelle alisema. "Nilijua itakuja."

Barua ilikuwa fupi. Rachelle alidaiwa malipo ya Desemba, Januari na Februari, dola mia tatu na tisini, pamoja na faini ya dola thelathini na tisa. Alipewa siku nane. Zikipita, Coopec itaweza kudai salio lote kwa mara moja, na kumgeukia mdhamini wake, Bwana Kisimba Modeste.

Modeste aliisoma mara mbili, akavua miwani. Alikaa kwenye kiti chake, akawa anaitazama barua kama mtu anayetazama mlima anaotakiwa kuupanda.

Angèle alirudi kwenye masufuria yake. Hakuwa akiiwaza ile miezi mitatu tu. Kulikuwa na miezi mingine mitano ambayo mumewe hakuijua.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka juzi, mwezi wa tisa, Rachelle alikopa dola elfu mbili na mia nne ili anunue mashine ya kusaga muhogo na mahindi kule Kasaji. Alipaswa kulipa kwa miezi ishirini na minne, kila mwezi dola mia moja za mkopo wenyewe na thelathini za riba. Coopec ilitaka mdhamini. Modeste hakuwa na haraka ya kumsainia mtu, na ni Angèle aliyembembeleza juma zima. Hatimaye alikubali, na siku ya kusaini alimwambia shemeji yake mbele ya watu wote: "Rachelle, mi nakuaminia. Lakini siku yenye utashindwa, unakuya kuniambia miye wa kwanza. Usinifiche."

Rachelle alilipa miezi tisa bila kuteleza. Kisha injini ya mashine ikafa, fundi akaitengeneza, ikafa tena, na mafuta yakapanda bei. Alimpigia simu dada yake akilia, akamwapisha asimwambie Modeste. Ilikuwa ni mwezi mmoja tu, alisema. Angèle akalipa mwezi huo mmoja. Halafu mwingine. Wakati ule alikuwa akipika bukari, ugali wa kwao, na samaki kavu karibu na lango la kiwanda cha madini cha Kingamyambo, kwa wafanyakazi wanaotoka zamu, na biashara ilikuwa inakwenda. Alilipa miezi mitano. Mwezi wa Desemba mtaji ulikuwa umekwisha, na zamu yake ya kupokea kwenye likelemba, kile chama cha kuchangiana cha akina mama wenzake, ilikuwa imeshapita na pesa zake zimekwisha. Wateja walimkuta na sufuria nusu, wakahamia kwa wengine. Kwa mumewe alisema kwamba siku hizi kazi imelegea.

Usiku ule hakupata usingizi mzuri. Asubuhi akamkuta Modeste mezani, karatasi nyeupe mbele yake.

"Kabemba alinipigia simu," Modeste alisema. Kabemba alikuwa mwenzake wa zamani wa Nzilo. "Anasema niende nilipe yote kabla bakuje kushika kiti na meza. Na mutoto yake anasema nikatae tu sinyature yangu."

"Na weye unasema nini, Tata Abigaël?" Angèle alizoea kumwita kwa jina la binti yao mkubwa.

"Mi siwezi kulipa kintu yenye sijue, na siwezi kukatala kintu yenye nilisaini. Kwanza nitabauliza kwa barua. Mudhamini iko na haki ya kujua konti iko wapi."

Akaandika kwa Kifaransa, polepole, kwa mwandiko wake ulionyooka. Alipomaliza alimsomea mkewe kwa Kiswahili, sentensi moja baada ya nyingine. Alikuwa ameeleza kwamba yeye ni mdhamini wa mkopo wa Mama Mujinga Rachelle, akataja namba ya mkataba na tarehe. Kwamba amepata habari ya onyo lililotumwa kwa mkopaji, lakini yeye mwenyewe hajaandikiwa lolote na Coopec. Kwa hiyo anaomba aandikiwe hali ya konti mpaka leo: kila malipo yaliyoingia na tarehe yake, mkopo uliobaki, riba, faini na jinsi ilivyohesabiwa, na miezi ipi inadaiwa. Anaomba pia nakala ya ile karatasi ya udhamini aliyoiandika kwa mkono wake. Na mwisho: kwamba barua hii si kukataa kulipa, wala si kukubali kiasi chochote kabla ya kukiona.

"Iko sawa?" akauliza.

"Iko sawa," Angèle alisema. Maneno yaliyomgandia kichwani yalikuwa yale ya kila malipo na tarehe yake.

"Goti inaniuma leo. Utanipelekea? Nimeandika mbili. Moja inabakia kule, na yetu bapige cachet, muhuri yabo, na tarehe. Usirudie bila cachet."

Angèle alipanda pikipiki, barua zikiwa kwenye mkoba wake, juu ya mapaja. Kutoka kwao mpaka ofisi ya Coopec si mbali, lakini malori ya madini yalikuwa yamejaa barabarani, na dereva alilazimika kusimama mara kwa mara kando, vumbi likiwapita. Alikuwa na muda wa kutosha wa kufikiri. Angeweza kusema ofisi ilifungwa. Angeweza kusema walikataa barua. Angeweza hata kuiacha barua ipeperuke, na Modeste angesubiri jibu wiki, wiki mbili, na siku nane za Rachelle zingepita. Na baada ya hapo je? Mumewe angelipa gizani, kiasi chochote ambacho angetajiwa. Mtu aliyeuliza jambo kwa adabu, umnyang'anye hata swali lake?

Dirishani alikuwepo Darlène, mtunza fedha, msichana mchangamfu mwenye nywele za kusuka.

"Mama Angèle! Tangu siku! Unaleta ya Mama Rachelle?"

"Leo hapana. Ninaleta barua ya bwana yangu." Akaipitisha chini ya kioo. Darlène akaisoma, akaanza kuchukua muhuri. Angèle akainama karibu. "Darlène, mutoto wangu. Mu ile karatasi mutamupatia, jina ya mutu mwenye alikuwa analeta feza itaonekana?"

Darlène akamtazama. Alielewa, au alielewa nusu.

"Masini njo inaandika, mama. Kila versement, kila malipo, iko na jina ya mwenye kuleta. Mi siwezi kutosha, kufuta. Hata shefu hawezi kutosha."

"Najua. Nilikuwa nauliza tu."

Muhuri ukagonga, mara moja kwenye barua, mara moja kwenye nakala. Darlène akaandika tarehe na saa. Angèle akaikunja nakala, akairudisha kwenye mkoba. Alijisikia mwepesi kidogo, kama mtu aliyevuka mto nusu na kuona kwamba kurudi na kuendelea ni umbali ule ule.

Siku mbili zilizofuata alijaribu kusema. Jumatano alianza wakati wa chakula, "Tata Abigaël, kuko kintu moja..." lakini Modeste alikuwa akimsimulia kwamba mabati ya jikoni yanavuja na kwamba dola alizoziweka za kuyabadilisha sasa zitaenda Coopec. Akamwongezea tu mchuzi. Alhamisi mchana alijiambia kwamba atasema jioni, na jioni simu ya ofisi ikapigwa: jibu liko tayari, Bwana Kisimba aje kesho, na kama inawezekana aje mwenyewe.

"Twende wote," Modeste alisema. "Weye njo dada ya Rachelle."

Meneja aliitwa Kabongo, mtu wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kanisani. Aliwapa viti, akaomba radhi kwa joto, akawawekea karatasi mbili mezani. Moja ilikuwa ya udhamini. Modeste aliutambua mwandiko wake mwenyewe: kiasi kisichozidi dola elfu moja na mia tano, kimeandikwa kwa maneno na kwa tarakimu, kila kitu ndani yake, mkopo na riba na gharama.

"Batu banasemaka mudhamini analipaka yote," Kabongo alisema. "Hapana, tata. Weye mwisho yako ni hapa, kwenye elfu moja mia tano. Sasa tuangalie konti."

Karatasi ya pili ilikuwa na mistari mingi. Modeste alivaa miwani, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Angèle alikitazama kidole kile kikishuka. Oktoba, Novemba, Desemba. Mujinga R., Mujinga R., Mujinga R. Kidole kilifika Juni, mstari wa tisa. Kikashuka Julai, kikasimama.

Ndaya A.

Kikashuka Agosti. Septemba. Oktoba. Novemba. Mistari mitano, jina moja. Chini yake hapakuwa na malipo mengine.

Kabongo alikuwa anazungumza juu ya faini. Darlène alipita na faili, akaangalia pembeni. Angèle alisubiri mumewe ageuke. Hakugeuka. Kidole kilikaa palepale muda wa pumzi mbili tatu, kisha kikaendelea mpaka mwisho wa ukurasa, kwenye mkopo uliobaki, dola elfu moja kamili.

"Ile ya elfu moja," Modeste akasema kwa sauti yake ya kawaida, "inaombwa sasa?"

"Kwa Mama Rachelle tunaweza kuiomba yote kama siku nane zinapita. Kwa weye mudhamini, hapana. Sheria inasema weye unalipa tu ile yenye siku yake imefika. Miezi tatu. Ila kama tunakuandikia weye mwenyewe onyo na unakosa kulipa, pale itakuwa ingine."

"Na habari ya konti? Tangu nilisaini, munipatie karatasi moja tu yenye mulinitumia."

Kabongo alikohoa. Alifungua faili, akalifunga. Alikuwa mtu mkweli, na hilo lilionekana usoni mwake kabla hajasema.

"Hatukutuma, tata. Ilipaswa kila miezi sita tukujulishe. Hatukufanya. Juu ya ile, riba ya hii miezi tatu hatuwezi kukuomba weye. Mama Rachelle anabakia nayo, ile ni deni yake. Kwa weye ni mia tatu. Na faini, kama mia tatu inaingia mbele ya mwisho wa mwezi, mi naifuta na naandika kama nimeifuta."

"Utaandika leo?"

"Leo."

Modeste alisubiri mpaka ilipoandikwa na kupigwa muhuri. Aliikunja mara mbili, akashukuru, akamwachia mkewe atangulie mlangoni. Hakusema neno la kumwaibisha mle ndani, wala hakumtazama kwa jicho baya. Angèle alihisi kwamba angalipendelea agombe.

Nje kulikuwa na benchi la wateja, chini ya kibaraza. Modeste alikaa kupumzisha goti. Angèle akakaa, akaacha nafasi kidogo kati yao.

"Mia sita na makumi tano," Modeste alisema. Alikuwa amekwisha kuhesabu.

"Ndiyo."

"Njo maana bukari ya Kingamyambo ilikufa."

"Ndiyo. Tata Abigaël, Rachelle alinililia. Aliniapisha. Alikuwa na haya mbele yako, juu ya ile neno ulimwambia siku ya kusaini. Nilifikiri mwezi moja, halafu mwezi moja. Nilikuomba unisaidie kumusainia, mi njo nilikuingiza humu. Nilisema: kama nalipa, hautajua hata siku moja kama nilikukosea."

"Haukunikosea kumusaidia mudogo yako." Alitazama malori barabarani. "Nani anaweza kukatazwa kusaidia damu yake? Kintu yenye inaniuma ni ingine. Miezi tano ulikuwa unabeba peke yako, na mi nilikuwa nakuuliza asubuhi, kazi namna gani, na unaniambia imelegea. Mi nilikuwa nafikiri unazeeka, unachoka. Nilikuwa nakuhurumia kwa kintu yenye haiko."

Machozi yalimjia Angèle, akayapangusa kwa ncha ya kitenge.

"Na barua," Modeste aliendelea. "Ulijua itasema nini. Na ulinipelekea."

"Nilitaka kuitupa."

"Lakini ulirudia na cachet."

"Ulisema nisirudie bila cachet," Angèle alisema, na hapo Modeste akacheka, kicheko kifupi kisichotaka kutoka, akatikisa kichwa. Kisha wakarudi nyumbani. Siku mbili Modeste alikuwa akila kidogo na kulala mapema, na Angèle alimwacha. Jumapili, baada ya misa, alimwomba amwitie Rachelle.

Rachelle alifika Jumatatu kwa lori la mkaa, nywele zimefungwa kitambaa, macho yamevimba kwa safari na kwa mengine. Alipiga magoti mlangoni. Modeste alimwinua.

"Ikala. Hatutagomba. Tutaandika."

Aliweka mbele yake karatasi ya Coopec, akampitisha mstari kwa mstari, kama alivyopitishwa yeye. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Rachelle kuiona konti yake nzima. Aliposikia kwamba mkopo wenyewe umebaki dola elfu moja, alifunika mdomo. Kwa miezi yote ile alidhani faini na riba zimeurudisha pale ulipoanza, na kwa woga huo hakuthubutu hata kuuliza.

"Mashine namna gani?" Modeste akauliza.

"Injini imekufa, shemeji. Lakini mawe ya kusaga ni mazima. Fundi moja anaitwa Kalumba iko na injini yake. Anataka tushirikiane, tugawe nusu nusu. Nilimukatalia juu nilikuwa na haya ya kusema kama ni mashine ya deni."

"Mashine karibu yote ni ya deni," Modeste alisema. "Ukamwambie ndiyo."

Kesho yake walikwenda Coopec wote watatu. Modeste alilipa dola mia tatu, zile za mabati, na akataka stakabadhi iseme wazi kwamba amelipa yeye kama mdhamini, ili awe na haki ya kumdai Rachelle. Rachelle alitoa dola arobaini alizokuja nazo, zikaingia kwenye riba ya ile miezi mitatu, na hamsini zilizobaki akapangiwa kuzimaliza kufikia Juni. Kabongo alipendekeza miezi iliyobaki isogezwe mbele, na akasema mdhamini lazima ajulishwe kwa barua, naye ana ruhusa ya kukataa. Modeste aliiomba barua hiyo kwanza, akaisoma palepale, akakubali.

Lakini kabla hawajaondoka, alitoa karatasi nyingine mfukoni, aliyoiandika usiku. Ilikuwa fupi. Rachelle Mujinga anakiri kwamba dada yake, Angèle Ndaya, alimlipia miezi mitano, dola mia sita na hamsini, na kwamba atamrudishia kidogo kidogo, mtaji wa sufuria ukiwa wa kwanza.

"Tata Abigaël, kwa mudogo yangu hapana lazima ya karatasi," Angèle alinong'ona.

"Mi nilisaini juu yake, niko na karatasi. Weye ulitoa zaidi yangu, na hauko hata na mustari moja yenye kusema unadai." Akampa Rachelle kalamu. "Mudogo yako anajua kuandika jina yake."

Rachelle alisaini bila kusita. Darlène aliwapigia nakala mbili kwenye mashine ya ofisi, akakataa malipo.

Mvua za mwisho za Aprili ziliwakuta na jiko lilelile linalovuja, ndoo chini ya tundu. Mwezi ule Rachelle alituma mia moja na thelathini za Coopec kwa simu, na juu yake ishirini za dada yake. Angèle alinunua nazo samaki kavu na debe la unga. Asubuhi alipoanza kubeba masufuria kwenda Kingamyambo, Modeste alishika sufuria kubwa upande wa pili, goti na yote, wakatoka nalo mpaka barabarani.

"Jioni utaniambia kazi ilikuwa namna gani," alisema.

"Nitakuambia."

"Hata kama imelegea."

"Hata kama imelegea," Angèle alisema, akapanda pikipiki.